Taa ya choo inawaka na kuzimika, mbona swichi yake imekosewa?

*Shikamoo fundi. Najenga Chuno hapa Mtwara, nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha uani. Paipu zimeshalazwa ukutani, nyaya bado hazijavutwa. Fundi wangu amenipa karatasi mbili za michoro, picha zake nimekutumia. Mjomba wangu ameziangalia akasema kuna swichi moja imekaa pasipo pake, ila hakunionyesha ipi. Fundi naye anashikilia kwamba taa zote zitawaka na kuzimika vizuri. Naomba unifundishe kuisoma michoro hiyo, na uniambie yupi kati yao yuko sahihi.*

Marahaba ndugu yangu. Mjomba wako yuko sahihi, na swichi anayoisema ni ile ya taa ya choo cha uani. Hata hivyo usilichukue neno langu tu. Tafuta kalamu mbili, nyekundu na nyeusi, uzilaze karatasi zote mbili mezani tufuatane, maana kosa hili huonekana kwenye karatasi moja na kwenye nyingine halionekani kabisa.

Karatasi ya kwanza ni ramani ya nyumba iliyochorewa vifaa juu yake. Duara lenye alama ya kuzidisha ndani ni taa. Nukta iliyotoa kijistari cha mshazari chenye kikonyo mwishoni ni swichi, na vikonyo viwili ni swichi mbili kwenye bamba moja. Nusu duara iliyoegemea ukuta ni soketi, na mstatili ulio koridoni, karibu na mlango wa mbele, ni bodi ya kugawia umeme. Mistari ya nukta nukta inayopinda kutoka swichi hadi taa haiwakilishi nyaya. Inakuambia swichi hii inaendesha taa ile, basi.

Ukiwa na karatasi hii unaangalia mahali pa swichi ukutani. Kila mlango utazame unavyofunguka: swichi inatakiwa upande wa kitasa, si upande wa bawaba, kwa sababu ikiwa upande wa bawaba, mlango ukifunguka unaifunika na mtu anaingia gizani akipapasa nyuma ya mlango. Kwako vyumba vyote vitatu viko sawa. Swichi ya choo imewekwa ndani ya jiko, kando ya mlango wa kutokea uani, kimo cha mita 1.4. Hapo napo ni pazuri, tena ni afadhali kuliko kuiweka ndani ya choo ambako watu wanaoga na maji yanaruka. Nadhani fundi wako aliangalia hapa tu akaridhika.

Karatasi ya pili ndiyo mchoro wa nyaya, na ndiyo inayotuonyesha kosa. Swichi ina mahali pawili pa kukosewa: ukutani, na kwenye waya. Karatasi ya kwanza haiwezi kukuonyesha swichi imekata waya upi. Ya pili inaonyesha kila waya kwa mstari wake: mwekundu ni waya wa moto, mweusi ni nyutro, kijani ni waya wa ethi. Madukani utakuta pia nyaya za rangi mpya, ambapo kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mistari ya njano ni ethi. Nyumba moja itumie rangi za aina moja, vinginevyo fundi atakayekuja baada ya miaka kumi atabahatisha.

Anzia kwenye bodi. Kutoka swichi kuu, njia inagawanyika. Upande wa kushoto kuna breka ya taa ya ampia 10, yenye nyaya za milimita mraba 1.5. Upande wa kulia kuna kikata umeme unaovuja, kile kilichoandikwa RCD na 30 mA usoni, na baada yake breka mbili za soketi za ampia 32 kila moja, zenye nyaya za milimita mraba 2.5. Sasa tazama chini ya bodi: kuna vyuma viwili vya kuungia nyutro. Kimoja ni cha taa, na kingine ni cha soketi, ambacho nyutro yake imepitia kwanza ndani ya RCD. Vikumbuke vyuma hivi viwili, tutavirudia.

Soketi hazitatuchelewesha. Waya mwekundu unatoka breka ya ampia 32, unapita soketi hadi soketi, kisha unarudi kwenye breka ile ile, na mweusi na kijani vivyo hivyo. Ndiyo maana waya wa milimita 2.5 unaweza kukaa chini ya breka kubwa kiasi hicho: kila soketi inalishwa kutoka pande mbili. Ninachokagua hapa ni kwamba ncha mbili za mzunguko mmoja zimerudi kwenye breka moja, na hakuna soketi iliyopitishiwa swichi ya taa. Yako yote yako sawa.

Sasa taa. Weka ncha ya kalamu nyekundu kwenye breka ya taa, ufuate mstari mwekundu kuelekea taa ya chumba cha kwanza. Kanuni ni hii: kabla kalamu haijafika kwenye taa, lazima ikutane na swichi. Ikishafika kwenye taa, chukua kalamu nyeusi, ondoka upande wa pili wa taa, uufuate mstari mweusi hadi kwenye chuma cha nyutro. Njiani usikute kitu chochote cha kukata, ni maungio tu. Fanya hivyo kwa kila taa, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

Chumba cha kwanza: breka, boksi la maungio darini, chini kwenye swichi, juu tena, taa, nyutro. Sawa. Cha pili na cha tatu vivyo hivyo, na sebule pia. Taa ya korido ina swichi mbili, moja kila mwisho, na hapo wengi huchanganyikiwa. Swichi hizo zina vituo vitatu kila moja: kimoja kimeandikwa COM, na viwili L1 na L2. Waya wa moto unaingia COM ya swichi ya kwanza, nyaya mbili zinaunganisha L1 na L2 za swichi hizo, kisha COM ya swichi ya pili inatoka kwenda kwenye taa. Kwenye mchoro wako ndivyo ilivyo. Kalamu imepita swichi zote mbili kabla ya kufika kwenye taa, kwa hiyo nayo ni sahihi.

Taa ya choo sasa. Mstari mwekundu unatoka kwenye boksi la maungio la dari ya jiko, unafuata ukuta wa uani, unaingia moja kwa moja kwenye taa. Kalamu nyekundu imefika kwenye taa bila kukutana na swichi. Badili kalamu. Mstari mweusi unarudi kwa njia ile ile hadi jikoni, unashuka kwenye swichi iliyo kando ya mlango, unatoka upande wa pili wa swichi, kisha unaingia kwenye nyutro ya soketi iliyo karibu nayo. Kalamu nyeusi ndiyo iliyokutana na swichi. Swichi imewekwa kwenye nyutro.

Kabla ya kumlaumu mtu kwa kosa kama hili, hakikisha umeufuata mstari na hukuamua kwa rangi. Fundi akitumia kebo bapa yenye nyaya mbili na ethi kuteremkia kwenye swichi, waya mwekundu unashuka na moto, na mweusi unapandisha moto huo huo kurudi juu kwenye taa. Mweusi huo si nyutro, ni waya wa moto uliopita kwenye swichi, na inatakiwa ufungwe tepu nyekundu kwenye ncha zote mbili ili usimdanganye mtu. Kwa hiyo kuona waya mweusi ndani ya boksi la swichi peke yake si ushahidi. Kwako ushahidi upo, kwa kuwa mwekundu unafika kwenye taa bila kukatwa popote.

Sasa hoja ya fundi wako, kwamba taa itawaka na kuzimika. Ni kweli kwamba mkondo wa umeme unahitaji njia ya kwenda na ya kurudi, na ukikata mojawapo balbu inazima. Tofauti ni kile kinachobaki kwenye holda. Swichi ikiwa kwenye waya wa moto, ukiizima holda inabaki bila umeme. Ikiwa kwenye nyutro, ukiizima balbu inakuwa giza lakini volti 230 bado ziko kwenye holda, zinasubiri njia nyingine ya kurudi ardhini. Mtu aliyesimama kwenye sakafu ya choo yenye maji, mkono mmoja kwenye holda anabadilisha balbu, ndiye njia hiyo. Naye atakuwa amezima swichi kwanza, ameona taa imezima, akaamini. Hili ndilo linalonifanya nisilikubali kosa hili hata siku moja, hata kama taa inawaka vizuri namna gani.

Kwenu pwani lina uzito zaidi. Hewa ya chumvi huziba vituo vya shaba kwa kutu ya kijani, na unyevu wa choo hulowesha holda na ukuta unaoizunguka. Holda inayokaa na moto saa zote 24 huvujisha umeme kwenye unyevu huo usiku na mchana, taa iwashwe isiwashwe. Kwa mahali hapo nunua taa iliyofungwa kwa mpira na kioo, yenye alama IP65 kwenye boksi lake. Nayo haifuti kosa la swichi.

Huenda ungeona dalili nyingine pia: balbu ya LED kumulika hafifu au kupepesa wakati swichi imezimwa. Waya mrefu unaolala sambamba na nyaya nyingine huweza kupitisha mkondo mdogo sana, unaotosha kuichaji balbu hiyo kidogo kidogo hadi imulike. Ila dalili hiyo hutokea hata kwenye nyaya zilizofungwa sawa, kama njia ni ndefu. Ichukue kama sababu ya kupima, usiichukue kama hukumu.

Na hata kauli ya kwamba taa itawaka bila tatizo, kwa mchoro huu ulivyo, haitasimama. Rudi kwenye vile vyuma viwili vya nyutro. Umeme wa taa ya choo unatoka breka ya taa, ambayo haijapita kwenye RCD, lakini unarudi kwa nyutro ya soketi, ambayo imepita kwenye RCD. RCD kazi yake ni kulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi kupitia humo, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata. Chukua balbu ya wati 9: gawanya 9 kwa 230, unapata ampia 0.039, yaani miliampia 39, na balbu nyingi za LED huvuta zaidi ya hapo kidogo. Mkondo huo wote unarudi kupitia RCD bila kuwa umetoka humo. Kwa hiyo siku ya kwanza mtu akiwasha taa ya choo, soketi za nyumba nzima zitazimika, friji na yote.

Ninachokiogopa ni kinachofuata hapo. Fundi asiyejua sababu huona RCD "inasumbua", akaitoa au akairuka kwa kipande cha waya, na soketi zote zikabaki bila kinga ya mvujo. Ukiona RCD inakata kila taa fulani inapowashwa, usiruhusu iguswe. Tafuta nyutro iliyoazimwa kutoka mzunguko mwingine.

Kuazima nyutro kuna hatari nyingine inayomhusu fundi mwenyewe. Siku soketi ya jiko itaharibika, na RCD imekwisha kurukwa, mtu atazima breka ya soketi, atapima waya mwekundu aukute hauna umeme, aanze kufungua. Taa ya choo ikiwa imewashwa wakati huo, waya mweusi atakaouchomoa kutoka kwenye nyutro utapata moto kupitia balbu. Atashika nyutro yenye volti 230, na breka aliyoizima haihusiki nayo.

Kwa nini fundi alichora hivi? Kwa ninavyoona, soketi ya jiko ilikuwa karibu na nyutro yake ilikuwa tayari mkononi. Tuhesabu ameokoa nini. Kutoka boksi la dari ya jiko hadi taa ya choo njia ni kama mita 10, na kushuka kutoka dari hadi swichi ni kama mita 1.5. Kwa njia yake, mwekundu ni mita 10. Mweusi ni 10, ongeza 1.5 za kushuka hadi swichi, ongeza mita 1 hadi soketi, jumla 12.5. Zote pamoja ni mita 22.5. Kwa njia sahihi, mwekundu unashuka 1.5 hadi swichi, unapanda 1.5, unakwenda 10 hadi taa, jumla 13, na mweusi unakwenda 10 kutoka boksi la dari. Zote pamoja ni mita 23. Ethi ni mita 10 kwa njia zote mbili. Tofauti ni nusu mita ya waya wa milimita 1.5.

Marekebisho kwenye karatasi ni mepesi. Futa mstari mwekundu unaotoka boksi la jiko kwenda kwenye taa, na ufute mweusi wote unaopita kwenye swichi hadi soketi. Chora mwekundu kutoka boksi la dari ushuke hadi kituo kimoja cha swichi. Chora mwekundu mwingine kutoka kituo cha pili, upande hadi boksi lile lile, kisha ufuate ukuta wa uani hadi kwenye taa. Chora mweusi kutoka taa hadi nyutro ya taa ndani ya boksi la dari, bila kushuka popote. Halafu rudia zile kalamu mbili kuanzia mwanzo. Paipu ulizolaza zinatosha, hakuna ukuta wa kubomoa: ile ya kushuka kwenye swichi itapitisha nyaya mbili nyekundu, na ile ya uani itapitisha mwekundu, mweusi na kijani. Kipande kifupi kati ya swichi na soketi kibaki kitupu, au kizibwe kabisa ili kisimshawishi mtu baadaye.

Nyaya zikishavutwa, na kabla TANESCO hawajaleta umeme, fanyeni kipimo kimoja, ndicho salama kuliko vyote kwa kuwa hakuna umeme. Tafuta multimita yenye mlio wa kupima kuendelea kwa waya, na kipande cha waya cha mita 20 cha kurefushia. Zima swichi kuu na RCD, toa balbu zote za nyumba. Shika ncha moja ya kipimo kwenye kituo cha kutokea cha breka ya taa, na nyingine kwenye vituo vya holda ya choo, kimoja kimoja. Swichi ikiwa imezimwa, multimita isilie kwenye kituo chochote. Ukiwasha swichi, ilie kwenye kimoja tu. Ikilia wakati swichi imezimwa, waya wa moto umefika kwenye taa bila kukatwa. Kisha hamisha ncha ya kwenye breka uiweke kwenye chuma cha nyutro ya taa: kituo cha pili cha holda kilie, swichi iwe imewashwa au imezimwa. Kisipolia kabisa, nyutro imeazimwa kwingine au imekatika njiani. Mkipima hivi taa zote za nyumba, kazi haizidi saa moja.

Kwa nyumba ambayo tayari ina umeme, kipimo hicho afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwangalie anapoweka ncha za multimita. Wengi huzima swichi kisha hupima kati ya vituo viwili vya holda, wanakuta karibu sifuri, wanasema hakuna umeme. Swichi ikiwa kwenye nyutro kipimo hicho kitasoma karibu sifuri vile vile, kwa sababu upande wa pili umekatika. Inabidi kila kituo kipimwe dhidi ya waya wa ethi, balbu ikiwa imetolewa. Kimoja kikisoma karibu 230 na swichi imezimwa, kosa lipo. Kikisoma volti 20 au 60 zinazochezacheza, mara nyingi ni umeme unaorukia kutoka waya wa jirani, na multimita ya dijiti huuona hata ukiwa hauna nguvu. Testa ya bisibisi nisingeitegemea kwa uamuzi huu: taa yake ndogo inategemea mwili wa aliyeishika, na akiwa amesimama kwenye mbao kavu au amevaa ndala inaweza isiwake ilhali moto upo.

Mpelekee fundi wako karatasi ya pili iliyokwisha kurekebishwa, mkae naye mpitishe kalamu zile mbili kwenye taa ya choo akiwa anaona, halafu asaini mchoro mpya kabla waya wa kwanza haujavutwa. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa bodi.